Nadaiwa milioni 69 kwa mchoro wa umwagiliaji, na bima yangu ya kitaaluma inaisha tarehe 31. Nianzie wapi?

Fundi wa Uyole (mwanzisha uzi), 17 Julai, saa 3:12 usiku

Wadau, habari za usiku. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana usingizi umenipaa wiki nzima.

Mimi ni fundi sanifu wa umwagiliaji, najitegemea, nakaa hapa Uyole, Mbeya. Sina ofisi ya maana. Naenda shambani, napima, nachora mfumo, naandika orodha ya vifaa, nalipwa, naondoka. Mwaka jana kuna shirika lilisema halinipi kazi bila bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayokulinda mteja akidai ushauri wako umemtia hasara. Nikakata. Kikomo ni milioni 50 kwa mwaka, na dai likija nabeba mwenyewe asilimia 10 au milioni 2, kutegemea ipi kubwa. Nililipa 600,000, kodi ya ongezeko la thamani ikaifikisha 708,000. Ilianza 1 Agosti, inaisha 31 Julai hii.

Sasa kesi yenyewe. Mteja ana shamba la parachichi upande wa Njombe. Mwezi wa pili nilimchorea mfumo: tanki kilimani, bomba kuu la inchi 4 kushuka mpaka bondeni. Kutoka tanki hadi valvu ya chini kabisa nilipima mteremko wa mita 46, kwa hiyo nikaandika bomba la PN6. Linabeba presha ya mita 60 za maji, halina neno.

Mwezi wa nne meneja wa shamba akanitumia wasapu: "Injinia, chemchemi ya juu ina maji mengi, tanki tumelihamishia juu kidogo. Hakuna shida?" Nilikuwa nimebanwa kwenye daladala ya Mwanjelwa. Nikajibu maneno matatu: "Sawa, haina shida."

"Juu kidogo" ilikuwa mita 32. Sasa mteremko wote ni mita 78 na bomba zima ni mita 900.

Tarehe 2 Juni kijana wa shamba alifunga valvu ya chini kwa pupa, bomba mbili zikapasuka. Wakabadilisha, kesho yake ikapasuka nyingine. Tarehe 11 Juni bosi mwenyewe akanipigia kwa hasira, na baadaye nikamwandikia: "Bosi samahani sana, hili kosa ni langu, nitahakikisha gharama zako zinarudi."

Tarehe 9 Julai nimepokea barua ya wakili wake. Anadai:
bomba mpya 150 za PN10, milioni 13.2;
kufukua na kulaza upya, milioni 2.6;
miche 700 iliyokufa, milioni 3.5;
faida ya parachichi iliyopotea, milioni 48;
arejeshewe ada yangu, milioni 1.8.
Jumla milioni 69.1, ndani ya siku 14.

Bado sijawaambia watu wa bima. Naogopa wakijua watapandisha bei au wataninyima mwaka ujao. Nilikuwa nawaza niongee na bosi tuyamalize kiutu uzima, halafu bima niihuishe kimyakimya. Mnasemaje?

---

Kitonga Mteremko, saa 3:40 usiku

Pole mkuu. Ila usihangaike na tarehe 31. Bima inaangalia ajali ilitokea lini. Ulikosea mwezi wa nne ukiwa na bima, basi umeshalindwa hata ukidai mwakani. Mimi gari langu liligongwa Desemba, nikafuatilia Februari bima ikiwa imeshaisha, na nililipwa. Malizana na bosi kwanza, taratibu.

---

Parachichi Tamu, saa 3:51 usiku

Kaka, kwani hukumwambia bosi akate bima ya mazao? Miche 700 hiyo angelipwa.

---

Fundi wa Uyole, saa 3:58 usiku

@Parachichi Tamu shamba si langu dada, mimi ndiye nadaiwa. Bima ya mazao ni ya kwake, akitaka.

---

Mzee wa Kavanoti, saa 4:25 usiku

Nimekaa dawati la madai ya bima miaka mingi kabla ya kurudi zangu Tukuyu kulima ndizi. Naandika kirefu kidogo, mnivumilie.

@Kitonga Mteremko, kwa gari uko sahihi. Kwa bima ya kitaaluma utampoteza mwenzio. Gari linagongwa siku moja, kila mtu anaona. Kosa la ushauri linaweza kulala chini ya udongo miaka kadhaa kabla ya kupasuka. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi huiandika bima hii ifuate siku unapodaiwa, na siku unapoiarifu kampuni. Mkataba uliopo hai siku dai linapoletwa na kuripotiwa ndio unaobeba. Ule wa siku ulipokosea hauna kazi. Fundi, fungua karatasi zako, tafuta sentensi inayozungumzia madai "yaliyoletwa dhidi ya mwenye bima na kuarifiwa ndani ya kipindi cha bima". Nitashangaa nikikosea.

Sasa tazama mpango wako wa kuihuisha kimyakimya. Umenyamaza, 31 Julai imepita, 1 Agosti una mkataba mpya. Mwezi wa tisa bosi anakufikisha mahakamani. Unakwenda kwa mkataba wa zamani, wanakwambia ulipata barua tarehe 9 Julai ukakaa nayo, na sasa kipindi kimefungwa. Unakwenda kwa mpya, wanakwambia jambo hili ulilijua kabla hujasaini fomu, na tulikuuliza kwenye fomu. Umeanguka katikati ya viti viwili, na vyote umevilipia.

Kwa hiyo hoja ya kupandishiwa bei iweke pembeni. Arifu kesho. Si wiki ijayo.

Tena wala hukupaswa kungoja barua ya wakili. Mikataba hii huwa na kifungu cha kuarifu hali inayoweza kuzaa dai. Simu ya hasira ya tarehe 11 Juni ilitosha. Ukiiarifu hali hiyo mkataba ukiwa hai, dai likija hata baada ya miaka miwili linahesabiwa limeanguka ndani ya mkataba huu. Na linaweza kuchelewa kweli: kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, mtu ana miaka 6 ya kushtaki kwa kuvunjwa mkataba.

Ninalolihofia zaidi ni ule ujumbe wako wa "kosa ni langu". Hilo nitarudi kwalo asubuhi, macho yameisha.

---

Kijana wa Kabwe, saa 4:31 usiku

Badilisha laini mkuu, hamia Tunduma 😂

---

Dada Hesabu Iringa, 18 Julai, saa 1:05 asubuhi

Hilo la ujumbe limenigusa, maana mimi ndipo nilipoumia.

Natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Iringa, nina bima kama yako. Mteja mmoja alipigwa faini na riba za kodi kwa sababu ritani niliichelewesha. Alikuja nyumbani usiku na mkewe. Mimi kwa aibu nikamwambia nitalipa, na kesho yake nikamtumia milioni 1.4 kwa simu. Baadaye nikaipelekea kampuni risiti. Wakanijibu kwa sababu mbili. Kwanza faini zimetengwa kwenye mkataba, hazibebwi. Hiyo nikaikubali. Pili, hata ile sehemu iliyobaki, nililipa bila idhini yao ya maandishi, kwa hiyo ni zawadi yangu kwa mteja.

Nilikasirika sana. Ila nilipousoma mkataba, kifungu kilikuwepo: usikiri, usiahidi, usitoe, usilipe mpaka wao wakubali. Kipo hata kwenye ile karatasi ya gari, tunakiruka tu.

---

Fundi wa Uyole, saa 1:30 asubuhi

Nimekitafuta. Kipo ukurasa wa 6. Na ile sentensi ya Mzee ipo ukurasa wa 2, karibu neno kwa neno. Mikono inatetemeka.

Lakini jamani, mtu miche yake imekufa, bomba zake zimepasuka, nisimwombe hata radhi? Nitaonekana mtu wa ajabu. Njombe huko nategemea kazi.

---

Mzee wa Kavanoti, saa 2:10 asubuhi

Pole na kukiri ni vitu viwili, na Kiswahili chetu kinakuruhusu kuvitenganisha vizuri kuliko unavyodhani. Mtu akifiwa unampa pole, hujasema umemuua. Ungeandika hivi:

"Bosi, nimepokea taarifa ya bomba kupasuka, pole sana kwa usumbufu huu shambani. Naomba picha za mahali zilipopasuka na vipande vyenyewe vihifadhiwe. Nafuatilia kujua chanzo, nitakurudia."

Umemheshimu, umeomba ushahidi ulindwe, na hujasema nani alaumiwe. Kwani wewe unakijua chanzo? Siku ile ya tarehe 11 hukuwa hata umefika shambani tangu zipasuke.

Uliokwisha kuandika usiufute. Narudia, usiufute. Yeye anao kwenye simu yake, na ukionekana umefuta utageuka mwongo kwa pande zote mbili. Peleka kila kitu kwa kampuni, ukiwemo huo wa Juni na ule wa "haina shida". Watakunja uso. Wanaweza kusema umevunja sharti. Utetezi wako ni kwamba uliandika kwa mshtuko, hukutaja kiasi wala hukulipa kitu, na hakuna kilichowaharibikia katika kulipinga dai. Wapo wanaolikubali hilo na wapo wanaokaza. Sitakudanganya kwamba najua wako ataangukia wapi.

Na uliyekata naye bima ni nani, wakala au dalali?

---

Fundi wa Uyole, saa 2:18 asubuhi

Ni dada mmoja ana ofisi karibu na stendi. Nimempigia sasa hivi, kasema "nimekuelewa kaka, nitawaambia".

---

Mzee wa Kavanoti, saa 2:33 asubuhi

Hapo ndipo watu wanapokwama. Wakala ni mtu wa kampuni, dalali ni mtu wako wewe mteja. Kama huyo dada ni dalali, kumwambia yeye ni kama umemwambia mdogo wako. Kampuni bado haijaarifiwa. Hata kama ni wakala, simu haina muhuri. Andika barua kwa kampuni yenyewe. Peleka nakala mbili tawini, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tuma na kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Ndani yake weka namba ya mkataba, jina la mteja, kazi uliyofanya na lini, nini kimetokea na lini, lini ulisikia kwa mara ya kwanza, na kinadaiwa nini. Ambatisha barua ya wakili, mchoro, na mazungumzo yote ya wasapu kuanzia mwanzo. Usijitetee na usijilaumu, simulia tu. Waambie siku 14 za wakili zinaisha tarehe 23, na uombe wakuelekeze nani ajibu.

---

Fundi wa Uyole, saa 2:40 asubuhi

Nimeangalia. Kavanoti imeandikwa dalali. Naandika barua sasa.

---

Mama Presha, saa 4:02 asubuhi

Nimesambaza maji ya mtiririko vijiji vingi vya Makete na Ludewa, acheni niseme la kifundi, maana humu mnaongelea milioni 69 kama vile zote ni halali.

Mdogo wangu, bomba la PN6 halikuwa baya lote. Chukua mita 78 za mteremko kwenye mita 900. Kama kilima kinashuka sawasawa, presha ya maji yaliyosimama inafika mita 60 ukiwa umetembea kama mita 690 kutoka tanki. Juu ya hapo bomba liko ndani ya uwezo wake. Lililozidiwa ni la chini, mita 210 za mwisho, yaani bomba 35 za mita 6. Zilipasukia wapi?

---

Fundi wa Uyole, saa 4:15 asubuhi

Zote tatu bondeni kabisa, hazizidi mita 40 kutoka valvu.

---

Mama Presha, saa 4:37 asubuhi

Nilijua. Na kumbuka PN6 haipasuki eti kwa sababu imegusa mita 78, mtengenezaji ameacha akiba. Kilichoimaliza ni ile valvu kufungwa ghafla. Maji yaliyokuwa yanakimbia mita 900 yakagonga ukuta, presha ikaruka juu kwa sekunde. Nyundo ya maji, tunaiita. Kwa hiyo kuna mikono mitatu hapo: aliyehamisha tanki, aliyesema haina shida, na aliyefunga valvu kwa pupa. Je, kwenye mchoro wako uliandika valvu ifungwe polepole?

---

Fundi wa Uyole, saa 4:44 asubuhi

Niliandika. "Valvu kuu ifunguliwe na kufungwa taratibu, isipungue dakika moja." Ipo kona ya chini kulia.

---

Mama Presha, saa 5:20 asubuhi

Basi mpelekee mpima hasara atakayetumwa na bima hiyo kona kabla ya kitu kingine.

Sasa hesabu. Umesema bomba 150 za PN10 ni milioni 13.2, yaani 88,000 moja. Zile za PN6 alinunua kiasi gani?

---

Fundi wa Uyole, saa 5:26 asubuhi

62,000.

---

Mama Presha, saa 5:49 asubuhi

Sawa. Tufanye ulikosea kweli. Ungepatia, ungemwambia bomba 35 za chini ziwe PN10. Angetoa mfukoni mwake 88,000 kwa kila moja tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hasara uliyomtia ni zile 62,000 alizozika bure, mara 35, sawa na 2,170,000. Ile tofauti ya 26,000 angeilipa hata ungekuwa malaika. Hawezi kupewa bomba bora kwa gharama yako. Kufukua na kulaza, ukigawanya ile milioni 2.6 kwa bomba 150 na kuchukua 35, ni kama laki 6. Jumla kwenye bomba haifiki milioni 2.8, si milioni 15.8 alizoandika wakili.

Mimi mwenyewe nisingekaa ukingoni pale mita 60, ningeongeza bomba kama 20 za tahadhari. Au ningeacha bomba zote zilivyo na kujenga tanki dogo la kuvunja presha katikati ya kilima, mita 35 chini ya lile la juu. Chini yake zinabaki mita 43, PN6 inacheka. Nimejenga mengi. Tofali, saruji, boya, siku nne za fundi. Bosi angekubali hilo mwezi Juni angekuwa anamwagilia sasa hivi.

---

Mzee wa Kavanoti, saa 6:30 mchana

Mama umenisaidia kazi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inataka izingatiwe pia njia alizokuwa nazo mdai za kupunguza madhara. Mtu aliyeweza kuziba kwa tanki dogo hawezi kukaa miezi akihesabu. Kifungu hichohicho kinakataa hasara ya mbali isiyo ya moja kwa moja. Ile milioni 48 ya faida ndipo itakapopata shida.

Fundi, tahadhari moja. Usikimbilie kwenda kumjengea tanki kwa pesa yako kesho. Najua moyo wako unataka. Iweke kwenye barua: "kuna suluhisho la gharama ndogo, naomba idhini ya kumshauri mteja." Ukijenga bila idhini utakuwa kama dada wa Iringa.

---

Parachichi Tamu, saa 7:10 mchana

Jana nilisoma harakaharaka, samahani kaka. Leo nina la maana. Hiyo miche ya parachichi za Hass ilikufa lini na ilionekanaje? Nina shamba Njombe, mwaka huu mwezi wa sita alfajiri zilikuwa na barafu mbaya, mimi mwenyewe nimepoteza.

Mche uliokufa kwa kiu hunyong'onyea siku nyingi, majani ya chini yanaanguka, na ukichimba udongo ni mkavu mpaka kwenye mizizi. Uliopigwa na barafu ulikuwa mzima jana, leo ncha na majani ya juu yamekuwa kahawia kama yamemwagiwa maji ya moto. Na hufa kwa madoa: bondeni baridi inapotuama wanakufa, kilimani wanapona. Hass iliyopandwa mwaka huu hata hivyo haizai mpaka kama mwaka wa tatu, sasa faida ya milioni 48 kaihesabu kwenye mti upi?

---

Fundi wa Uyole, saa 7:25 mchana

Kwenye picha za wakili majani ya juu yameungua, na zote zimepigwa bondeni. Ila bondeni ndiko pia maji yalikokatika. Sijui.

---

Parachichi Tamu, saa 7:31 mchana

Ndiyo ujue mpima hasara afike kabla hawajang'oa na kupanda upya. Mizizi haidanganyi.

---

Kitonga Mteremko, saa 8:03 mchana

Nakubali nilipotosha kuhusu tarehe, samahani mkuu. Lakini nina swali la kweli. Kama hasara halisi ni milioni 2.8 na yeye anabeba milioni 2 mwenyewe, bima inamlipia laki 8 tu. Yote haya ya nini? Si bora ampe bosi hiyo 2.8 waishe?

---

Mzee wa Kavanoti, saa 8:40 mchana

Swali zuri, na watu wengi huishia hapo. Shida ni kwamba bosi hadai 2.8. Anadai 69.1, ana wakili, na kikomo cha bima ni 50. Kitu kikubwa anachokipata Fundi kwenye hii karatasi ni mtu wa kulipia wakili, mpima hasara na mtaalamu wa kuja kusema yale Mama Presha ameyasema bure humu. Bila hao, 69.1 itabaki kuwa namba pekee mezani.

Aangalie mambo mawili kwenye mkataba. Gharama za utetezi ziko ndani ya ile milioni 50 au juu yake? Na ile anayobeba mwenyewe inahesabiwa kwenye gharama za wakili pia, au kwenye fidia tu? Kampuni zinatofautiana sana hapo.

Ada ya milioni 1.8 asiitegemee kwa bima. Kurudisha ada kwa kawaida hakubebwi.

---

Mwana wa Mafinga, saa 9:15 alasiri

Mimi nauliza kama mkaguzi mbaya. Yule meneja alikuita injinia. Kwenye fomu ya bima ulijiandika nani? Kama uliandika mhandisi na hujasajiliwa na bodi, hiyo bima inaweza kupeperuka.

---

Fundi wa Uyole, saa 9:22 alasiri

Niliandika "fundi sanifu wa umwagiliaji, stashahada". Wao hunichekea na injinia, nami sijawahi kuwakatalia. Lakini fomu iko sawa.

Kinachonisumbua ni kingine. Shughuli iliyoandikwa kwenye mkataba ni "usanifu na ushauri". Mwezi wa tano nilikaa shambani siku mbili nikimwangalia fundi akilaza bomba, bosi alinipa nauli na laki moja. Hiyo ni usanifu?

---

Mwana wa Mafinga, saa 9:30 alasiri

Hapo watakubana. Watasema ulisimamia ujenzi, hukulipia.

---

Mama Presha, saa 9:41 alasiri

Sikubali. Bomba hazikupasuka kwa kulazwa vibaya. Zimepasuka kwa presha na valvu. Usimamizi una uhusiano gani?

---

Mwana wa Mafinga, saa 9:44 alasiri

Ila alikuwa pale siku mbili, mama, na tanki lilikuwa limeshahamishwa. Hakuinua macho kilimani?

---

Fundi wa Uyole, saa 10:30 jioni

@Mwana wa Mafinga kulikuwa na ukungu. Najua jinsi linavyosikika.

---

Fundi wa Uyole, 21 Julai, saa 2:15 usiku

Mrejesho. Leo Jumatatu asubuhi nimepeleka barua tawini, kurasa mbili na viambatanisho 31. Karani alitaka kuipokea bila muhuri, nikasimama pale mpaka akaupata. Nakala yangu imegongwa tarehe 21 Julai. Barua pepe niliituma tangu Ijumaa.

Dalali hakufurahi kwamba nimemruka. Halafu akanipa fomu ya kuhuisha. Kuna swali: "Je, una habari ya jambo lolote linaloweza kusababisha dai dhidi yako?" Akaniambia kwa sauti ya chini, "weka hapana, hilo lingine tayari liko kwenye mkataba wa zamani."

---

Mzee wa Kavanoti, saa 2:50 usiku

Weka ndiyo, na uandike "limeshaarifiwa tarehe 21 Julai chini ya mkataba namba kadhaa". Uongo kwenye fomu ndio unaoweza kukuulia mkataba mzima mpya, hata kwa dai la shamba lingine kabisa. Huyo dalali anaangalia kamisheni yake.

Na kuhuisha uhuishe, hata wakipandisha. Ukiuacha mkataba ufe, michoro yako yote tangu Agosti ya mwaka jana inabaki uchi. Hakikisha mpya unabeba tarehe ileile ya kurudi nyuma, 1 Agosti ya mwaka jana. Wakiisogeza mbele, kila ulichochora kabla yake hakimo.

---

Dada Hesabu Iringa, saa 3:05 usiku

Wakikuzungusha, ofisi ya kanda ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, iko hapohapo Mbeya. Mimi nilichelewa kujua.

---

Fundi wa Uyole, 25 Julai, saa 12:40 jioni

Kampuni imejibu. Barua inasema wamepokea taarifa, wanachunguza, na "hatua hii haimaanishi kukubali dhima". Nimepanic kidogo, ila Mzee kanieleza pembeni kwamba wote huanza hivyo. Wakili wao amemwandikia wakili wa bosi kuomba muda, na mimi nimekatazwa kuongea na bosi kuhusu dai. Kumshauri tanki la kuvunja presha wamesema nisubiri kwanza.

Mpima hasara anatoka Dar, anafika Njombe Jumanne. Amenipigia leo. Hakuuliza kuhusu bomba. Ameuliza kama ninao mchoro wa asili wenye tarehe, na kama yule meneja aliponiandikia "juu kidogo" alituma na picha.

Nimerudi kwenye wasapu nikapandisha mpaka mwezi wa nne. Picha ipo. Sikuwahi kuifungua.

---

Mama Presha, saa 12:58 jioni

Inaonyesha nini?

---

Fundi wa Uyole, saa 1:04 usiku

Tanki jipya, na nyuma yake, chini kabisa, kidogo kama kiberiti, msingi wa tanki nililochora mimi.